Funguo, Kadi na Friji: Mkuu wa Idara Anapokabidhi Ofisi

Barua ya uhamisho ikishafika mezani, mkuu wa idara huwa na mengi ya kuhangaikia. Kuna mizigo ya kufunga, shule ya watoto ya kutafuta na nyumba ya kupanga huko aendako. Katikati ya pilikapilika hizo ndipo anapotakiwa kuandika taarifa ya makabidhiano, na wengi huiandika usiku wa mwisho. Hutoka kurasa tatu zenye orodha ya meza, viti na kompyuta, aya mbili za mafanikio ya idara, na shukrani kwa ushirikiano alioupata. Mgeni anasaini, picha ya pamoja inapigwa, mwenyeji anaondoka. Jumatatu mgeni anafungua ofisi bila kujua kuwa ipo oda iliyokwama, kwamba kuna mtu anayesubiri jibu lake kabla ya Ijumaa, na kwamba friji moja kati ya mawili haliaminiki.

Taarifa ya makabidhiano inatakiwa kumwezesha mgeni afanye uamuzi sahihi katika wiki zake za kwanza, wakati bado hajaijua idara. Ili kazi hiyo ionekane vizuri, tuchukue idara moja ambayo kosa lake halisubiri mwisho wa mwaka kujulikana, yaani idara ya dawa katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Mkuu wake ni mfamasia. Ndiye mwenye dhamana ya stoo, ndiye anayeandaa oda kwenda Bohari ya Dawa (MSD), na ndiye anayejibu pale muuguzi wa wodi ya wazazi anapoambiwa sindano zimeisha. Mfamasia wa mfano wetu anahamishwa baada ya kuongoza idara hiyo kwa miaka kadhaa. Tumfuate anapoandika taarifa yake, tangu siku ya kuhesabu hadi siku ya kusaini.

Kuhesabu kwanza, kuandika baadaye

Taarifa nzuri ya idara ya dawa huanzia kwenye rafu za stoo. Kila bidhaa ina kadi yake inayokaa mahali bidhaa ilipo, na katika kadi hiyo huandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hospitali nyingi siku hizi zina pia mfumo wa kompyuta unaotunza hesabu hizohizo. Kwa hiyo kila dawa ina namba tatu, ya kwenye rafu, ya kwenye kadi na ya kwenye kompyuta. Mfamasia anayeondoka na anayeingia wanatakiwa kuzihakiki zote tatu wakiwa pamoja, wakigusa makopo kwa mikono yao, bila mmoja kusoma kadi na mwingine kuitikia tu.

Kazi hiyo haiwezekani huku wodi zikiendelea kuchukua dawa. Namba inayoandikwa saa tatu asubuhi huwa imeshabadilika saa nne. Wenye uzoefu hupanga hesabu mwishoni mwa wiki, na siku moja kabla yake huzipa wodi mahitaji ya siku mbili ili stoo ifungwe kwa utulivu. Dharura ikitokea, dawa inatolewa kama kawaida, ila inaandikwa pembeni kwenye karatasi moja inayojulikana na wote wawili.

Tuseme wamefika kwenye amoksilini. Kadi inasema makopo 64, rafu ina makopo 61. Kopo moja lina vidonge 1,000, kwa hiyo vidonge 3,000 havionekani. Kishawishi kikubwa hapa ni kuirekebisha kadi isomeke 61 ili taarifa ipendeze. Akifanya hivyo anayeondoka atakuwa amefuta ushahidi pekee wa kilichotokea, na anayeingia ataonekana kuwa mshirika wake siku wakaguzi watakapofika. Linalotakiwa ni kuandika tofauti ilivyo: kadi 64, rafu 61, pungufu 3. Kisha wanatafuta sababu. Mara nyingi sababu ni ya kawaida. Usiku fulani dirisha la dawa la wagonjwa wa nje liliishiwa, mtumishi wa zamu akachukua makopo matatu na hakuandika. Hati ya kuomba dawa ikipatikana, inaambatishwa. Isipopatikana, tofauti inabaki kwenye taarifa kama ilivyo, na ruhusa ya kurekebisha kadi inaombwa kwa mganga mfawidhi kwa maandishi.

Dawa zinazodhibitiwa kisheria, kama mofini na pethidini, zina utaratibu mkali zaidi. Hukaa kwenye kabati la kufuli mbili na zina daftari lake. Wodi ikitaka ampuli mpya hurudisha tupu zilizotumika. Siku ya makabidhiano, ampuli zinahesabiwa moja moja, daftari linapigwa mstari chini ya ingizo la mwisho, idadi inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kisha wote wawili wanasaini hapohapo kwenye daftari. Funguo za kabati hilo hukabidhiwa baada ya saini hiyo. Mfamasia anayekabidhi funguo asubuhi kisha akahesabu mchana amejiweka pabaya, kwa sababu kuna saa kadhaa ambazo hakuna awezaye kusema dhamana ilikuwa ya nani.

Viporo vyenye tarehe

Baada ya hesabu ndipo inapoandikwa sehemu ya kwanza ya taarifa, yaani kazi ambazo hazijakamilika. Katika taarifa nyingi sehemu hii huwa na sentensi za aina hii: "Ufuatiliaji wa oda ya dawa unaendelea." Sentensi hiyo haina kosa la lugha, lakini haimsaidii mtu. Haisemi ni oda gani, imefikia wapi, nani anaisubiri, wala kitatokea nini isipofuatiliwa.

Chukua oksitosini, sindano anayochomwa mama mara baada ya kujifungua ili mfuko wa uzazi ubane na damu isimwagike kupita kiasi. Hospitali yetu ya mfano hutumia wastani wa ampuli 400 kwa mwezi. Siku ya hesabu, zilizopo ni 620. Ukigawanya 620 kwa 400 unapata mwezi mmoja na nusu hivi. Oda iliyopita iliomba ampuli 1,200, zikaja 400, na bado hakuna jibu kuhusu 800 zilizobaki. Shehena inayofuata inategemewa baada ya miezi miwili. Miezi miwili inahitaji ampuli 800, na zilizopo ni 620. Kuna pengo la ampuli 180, sawa na wiki mbili za wodi ya wazazi kukosa sindano hiyo.

Mtu aliyeiongoza idara kwa miaka anayo hesabu hiyo kichwani. Mgeni hana. Akitazama rafu ya friji ataona maboksi yamepangika na ataamini mambo ni shwari. Ndiyo maana kiporo hicho kinatakiwa kiandikwe hivi:

"Oksitosini. Zipo ampuli 620, zinatosha mwezi mmoja na nusu. Oda ilikuwa 1,200, zimepokelewa 400. Bohari ya Dawa imeulizwa kwa barua tarehe 6 Mei kuhusu 800 zilizobaki, jibu halijaja. Shehena ijayo ni mapema Julai. Tusipopata nyongeza, tutakosa takribani ampuli 180. Hatua inayofuata: kupata uthibitisho wa Bohari kwamba hawana bidhaa hiyo, kisha kuomba kununua kwa Mshitiri. Ombi limfikie mganga mfawidhi kabla ya tarehe 20 Mei. Mhusika: mkuu wa idara mpya."

Mstari wa Mshitiri una maana yake. Nchini Tanzania, kituo cha umma kikikosa bidhaa Bohari ya Dawa kinaruhusiwa kununua kwa mgavi binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa wake, na mgavi huyo ndiye anayeitwa Mshitiri. Lakini lazima ionekane kwanza kwamba Bohari haina, na ombi lina ngazi za kupitia kabla ya fedha kutoka. Mgeni atakayegundua pengo hilo wiki ya mwisho ya Juni atakuwa na haki ya kununua ila hatakuwa na muda wa kununua. Tarehe 20 Mei imetokana na kuhesabu kurudi nyuma kuanzia siku ambayo ampuli zitaisha. Kiporo kisicho na tarehe ya namna hiyo humlazimisha anayekabidhiwa kubahatisha kipi kianze.

Kwa kipimo hicho, viporo havitakiwi kuwa vingi. Mfamasia wetu ana mambo ishirini na zaidi yanayoendelea, kama ilivyo kwa mkuu yeyote wa idara. Yale ambayo yatajiendea yenyewe kwa ratiba ya kawaida, kama ripoti ya mwezi, yanatosha kutajwa kwa mstari mmoja. Yanayostahili aya nzima ni yale ambayo yakikaa siku thelathini bila kuguswa yataharibika. Katika idara hii yanaweza kuwa manne au matano, na yapangwe kwa tarehe ya mwisho, la karibu zaidi likitangulia.

Watu, na shida wanayoitatua

Sehemu ya pili ni ya watu. Desturi iliyozoeleka ni kuweka jedwali la majina na namba za simu. Jedwali hilo huzeeka upesi, kwa sababu watumishi huhama na namba hubadilika. Kinachodumu ni kujua ofisi gani inatatua shida gani, na inataka ipelekewe nini ndipo ifanye kazi.

Kwa hiyo mfamasia wetu anaandika kwa kufuata shida. Shehena ikija pungufu, kuna ofisa wa kanda wa Bohari ya Dawa anayepokea madai, naye hulisikiliza dai lililoambatana na taarifa iliyosainiwa na kamati ya mapokezi siku ileile mzigo uliposhushwa. Dai la wiki mbili baadaye lina kazi kubwa kueleweka. Dawa ikileta madhara yasiyotarajiwa kwa mgonjwa, au ikitiliwa shaka ubora wake, taarifa huenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na toleo husika la dawa hutengwa palepale bila kusubiri majibu. Friji likisumbua, anayehusika ni mhandisi wa vifaa tiba. Kwa kubadilishana dawa na vituo jirani, njia ni mfamasia wa wilaya, ambaye ndiye anayejua kituo gani kina ziada ya nini.

Kuna pia watu wasiokuwa na cheo kikubwa ambao idara huwategemea. Mteknolojia wa dawa aliyekaa stoo muda mrefu ndiye anayejua kwamba mwanya wa dari juu ya rafu ya maji ya dripu huvuja masika. Dereva wa hospitali anajua siku gani gari huwa huru kwenda mjini. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi ndiye wa kwanza kuona sindano zikipungua kuliko kawaida. Watu hawa watajwe kwa wadhifa na kwa wanachokijua, na anayeondoka awatembelee pamoja na mgeni wake. Utambulisho wa dakika tano, mwenyeji akiwepo, humfungulia mgeni njia ambayo peke yake angeichonga kwa miezi.

Katika sehemu hii kuna jambo moja ambalo halitakiwi kuandikwa, nalo ni nywila. Baadhi ya wakuu wa idara, kwa nia njema, huacha kwenye taarifa majina ya kuingilia kwenye mifumo ya oda na hesabu pamoja na nywila zake. Matokeo yake ni kwamba oda zinazotumwa mwezi unaofuata zinasomeka kuwa zimetumwa na mtu aliyekwishahama, na likitokea tatizo ni jina lake linalotafutwa. Kinachotakiwa kuandikwa ni jina la mfumo, ofisa anayefungua akaunti, na tarehe ambayo akaunti ya zamani ilifungwa. Ombi la akaunti mpya lipelekwe kabla ya siku ya makabidhiano, maana mgeni asiye na akaunti hawezi kutuma oda hata akijua dawa inaisha.

Hatari ambazo hazijatatuliwa

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayokosekana katika taarifa nyingi. Kiporo ni kazi ambayo hatua yake inayofuata inajulikana. Hatari ni jambo ambalo bado halijaleta madhara, ila linaweza kuyaleta, na anayeondoka hakuweza kulimaliza. Wengi huogopa kuliandika. Wanaona kuandika kwamba friji ni bovu ni kukiri kwamba walikaa na friji bovu. Waswahili walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ofisi za umma kifo hicho huja kwa sura ya mkaguzi au ya mgonjwa.

Tulitazame friji lenyewe. Oksitosini na insulini hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Idara ina mafriji mawili, na joto la kila moja husomwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Ukipitia chati ya friji namba 2 unaona nyuzi 5, 6, 5, halafu ghafla 11, kisha 6 tena. Zile 11 ni za asubuhi zinazofuata usiku umeme ulipokatika. Jenereta la hospitali huwaka, lakini soketi ya friji hilo haiko kwenye laini ya jenereta. Hakuna friji lililoharibika kwa maana ya kawaida. Ukilifungua mchana lina baridi, taa inawaka, na mgeni atalihesabu kuwa zima.

Ubaya wa oksitosini iliyopata joto ni kwamba haionyeshi. Maji yake hubaki meupe vilevile, ampuli hubaki safi, tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki ileile. Kinachopungua ni nguvu ya dawa. Muuguzi atamchoma mama sindano kwa wakati na kwa kipimo sahihi, na damu itaendelea kutoka. Hatari ya aina hii haiwezi kuonekana kwa macho ya mtu anayeingia, kwa hiyo asipoambiwa hana njia ya kuijua isipokuwa kwa kusoma chati za miezi iliyopita, kazi ambayo wachache huifanya wiki ya kwanza.

Mfamasia wetu anaandika hivi: "Friji namba 2 hupanda hadi nyuzi 11 umeme ukikatika usiku, kwa sababu soketi yake haiko kwenye laini ya jenereta. Chati za Februari hadi Mei zimeambatishwa. Mhandisi alijulishwa kwa barua tarehe 3 Aprili, kazi ya umeme haijafanyika. Kwa sasa oksitosini na insulini zinakaa friji namba 1 pekee. Friji hilo halitatosha shehena ya Julai ikija yote kwa pamoja. Kabla ya hapo, laini ibadilishwe, au shehena ipokelewe kwa awamu mbili. Mwenye uamuzi: mganga mfawidhi."

Aya hiyo ina kila anachohitaji mgeni: dalili, sababu, ushahidi, lililokwishafanyika, kinga ya muda na ukomo wake, na mwenye uamuzi. Tena inamlinda aliyeiandika. Likitokea jambo Julai, itaonekana wazi kwamba aliliona, alilitolea taarifa tarehe 3 Aprili na alilikabidhi likiwa na maelezo kamili. Aliyenyamaza hana cha kuonyesha.

Hatari ya pili huwa kimya zaidi, nayo ni dawa zitakazoisha muda wa matumizi. Tuseme stoo ina vichupa 900 vya seftriaksoni, matumizi ni vichupa 150 kwa mwezi, na toleo lote linaisha muda baada ya miezi minne. Kwa miezi hiyo zitatumika 600. Vichupa 300 vitaharibika rafuni, na siku hiyo jina la mkuu wa idara litakuwa la mgeni. Orodha ya mali itamwambia mgeni kwamba ana vichupa 900, naye atafurahi kuwa na akiba ya miezi sita. Taarifa ya kweli inamwambia kwamba 300 kati ya hivyo havitatumika hapa, na kwamba vikipelekwa vituo jirani mwezi huu kuna wagonjwa watakaovitumia. Vikisubiri hadi vibaki na wiki tatu, hakuna kituo kitakachovipokea. Dawa ikishaisha muda nayo ni mzigo. Inatakiwa itengwe, iorodheshwe na kuthaminiwa, na iteketezwe chini ya usimamizi wa TMDA. Hospitali haiwezi kuitupa shimoni kimyakimya.

Ya tatu ni hoja za ukaguzi zisizojibiwa. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huisha tarehe 30 Juni, na wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huja baadaye kuuliza mambo yaliyopita. Mfamasia mpya anaweza kuulizwa kuhusu shehena aliyoipokea mtangulizi wake. Ikiwa hati ya mapokezi iko ndani ya faili linalojulikana, jibu ni la siku moja. Ikiwa haiko, hoja itazunguka. Kwa kila hoja iliyo wazi, taarifa ionyeshe namba ya hoja, kinachodaiwa, kilichokwishajibiwa, na faili lilipo kwa jina la kabati na rafu.

Aliyejua alikuwa ameshatoka zamu

Madhara ya kutokabidhi hatari yamewahi kuchunguzwa kwa kina nje ya ofisi za kawaida, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988 pampu moja kati ya mbili ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo, na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Mahali pa vali palifunikwa kwa kifuniko cha chuma cha muda. Jioni zamu zilipobadilishana, habari ya vali haikuwafikia waliokuwa wanaingia. Usiku pampu ya pili ilizima. Wafanyakazi, wakiamini ile ya kwanza ni salama kuwashwa, waliiwasha. Gesi ilivuja pale kwenye kifuniko, mlipuko ukatokea, na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen, uliotoa ripoti yake mwaka 1990, ulionyesha udhaifu katika mfumo wa vibali vya kazi na katika jinsi zamu zilivyopashana habari.

Waliowasha pampu usiku ule walifanya uamuzi wa busara kwa habari waliyokuwa nayo. Habari iliyokosekana ilikuwa ndogo, ingetosha sentensi moja, na aliyekuwa nayo alikuwa ameshatoka zamu. Mfamasia mpya atakayepanga oksitosini kwenye friji namba 2 kwa sababu lina nafasi naye atakuwa amefanya jambo la busara.

Kukabidhi kwa kaimu

Tatizo linalojirudia katika vituo vyetu ni kwamba anayeondoka hupewa tarehe ya kuripoti kabla mrithi wake hajateuliwa. Ofisi inaachiwa kaimu, mara nyingi mmoja wa walio chini yake. Kwa kuwa kaimu ni mwenyeji, hesabu haifanywi. Anaachiwa funguo na maneno ya "wewe si unajua kila kitu". Miezi mitatu baadaye mkuu mpya anafika, anakabidhiwa na kaimu, na upungufu unaojitokeza hauna mwenyewe. Aliyehama anasema aliacha stoo sawa, kaimu anasema aliikuta hivyo.

Dawa yake ni moja. Kaimu akabidhiwe kwa hesabu kamili na kwa taarifa ileile ambayo angepewa mkuu mpya, naye afanye hivyohivyo zamu yake ikifika. Taarifa itoke nakala tatu: ya anayeondoka, ya anayeingia na ya mganga mfawidhi. Mganga mfawidhi asaini ukurasa wa hatari hasa, kwa sababu akishasaini hapo hawezi tena kusema hakujua habari ya friji.

Nawe unayekabidhiwa, usisaini siku ileile uliyopewa karatasi. Chukua siku moja usome ukiwa umesimama mbele ya rafu. Taarifa isiyotaja hatari hata moja ichukue kama dalili kwamba haijakamilika, kisha muulize mwenyeji wako maswali haya kabla hajapanda gari: Ni kitu gani hapa kinaonekana kizima na si kizima? Nini kitaisha au kuharibika ndani ya siku tisini? Ni barua gani uliandika na hujajibiwa? Majibu yake yaandike kwa mkono chini ya taarifa, asaini, usaini, ndipo upokee funguo.